Kitufe cha Pipa Kinafuta Nini?

Jamaa zangu, leo narudi pale pale, kwenye kitufe cha pipa la taka. Wengine mshanisikia nikikisema. Lakini kila nikifungua programu zinazotengenezwa hapa petu Mombasa, bado nakikuta.

Chukueni programu ya kuagiza mboga sokoni Kongowea. Kapu lina nyanya, vitunguu, ndimu, na kila mstari una kitufe chenye picha ya pipa. Washeni TalkBack, ile sauti ya Android inayomsomea asiyeona yaliyo kwenye skrini, kisha telezesheni kidole kulia mpaka mkifikie. Kama hakina maelezo, asiyeona aambiwa tu kwamba hapo pana kitufe kisicho na lebo. Mtengenezaji akishtuka, aandika "picha ya pipa". Picha ya nini! Mteja hakuuliza kimechorwa nini, ataka kujua kitafanya nini. Akirekebisha tena aandika "Futa", na mtu asikia Futa, Futa, Futa, asijue ipi ni ya nyanya. Andikeni "Ondoa nyanya". Neno "kitufe" msilitie, TalkBack yalisema yenyewe.

Na hata hapo hamjamaliza. RecyclerView haiundi mstari mpya kwa kila bidhaa. Mstari uliotoka juu ya skrini huutumia tena chini. Nimeona msimbo unaosema: kama maelezo ni matupu, jaza. Mstari ukirudi tayari una maelezo ya zamani, kwa hivyo haujazwi. Jicho laona vitunguu, sikio lasikia "Ondoa nyanya". Accessibility Scanner haitawaonya, kwa sababu maelezo yapo. Andikeni upya kila mara ndani ya `onBindViewHolder`, bila sharti:

```kotlin
holder.futa.contentDescription =
    context.getString(R.string.ondoa, bidhaa.jina)
```

Mtaniambia, wasioona wanaotumia programu yetu ni wangapi? Mtu aliyefutiwa vitunguu akidhani ni nyanya haitumii tena. Mtamhesabu vipi?

Naambiwa muda unakwisha, basi haya mawili nayapitia mbio. Picha ya pipa yaweza kubaki 24dp, lakini mahali pa kugusa pawe 48dp kwa 48dp, yaani kama milimita 9 kila upande. Ongezeni nafasi ya 12dp kila upande wa picha, basi. Maandishi yawe kwa sp, na msiyafungie ndani ya kisanduku chenye urefu wa dp, tumieni `wrap_content`. Android 14 huruhusu maandishi yakuzwe hadi asilimia 200, na kwa kisanduku kilichofungwa bei hukatwa katikati.

Jaribio langu ni hili: TalkBack imewashwa, simu imefunikwa kwa kitambaa, kapu lina bidhaa za kujaza skrini mbili. Shukeni mpaka chini, rudini juu, kisha ondoeni vitunguu. Fungueni kitambaa mtazame kilichoondoka.