Ngeli: Kutoka Kadi hadi Sentensi

DADA: Karibuni tena, wasikilizaji, tuko hapa Mbeya. Leo tunaandaa somo la upatanisho wa kisarufi kwa kidato cha kwanza, dakika 40. Mwalimu, kadi zako zina maneno gani?

MWALIMU: Ya sokoni Mwanjelwa, dada: parachichi, kiazi, nyanya, mkungu. Na kifaranga, huyo nimemweka makusudi.

DADA: Kwa sababu ataangukia KI-VI.

MWALIMU: Ndiyo, ukimwambia mwanafunzi apange kwa kutazama herufi za mwanzo, atamweka pamoja na kiazi. Kwa hiyo simwambii hivyo. Ubaoni naandika “-meanguka”, naye anasoma kila kadi pamoja na kitenzi hicho, kwanza umoja, kisha wingi. Kiazi kimeanguka, viazi vimeanguka. Kifaranga ameanguka, vifaranga wameanguka. Anapanga kwa kile anachokisikia kwenye kitenzi, na hapo tayari anatunga sentensi.

DADA: Na nyanya haibadiliki, umoja ni nyanya, wingi ni nyanya.

MWALIMU: Kitenzi ndicho kinachobadilika: nyanya imeanguka, nyanya zimeanguka. Ndiyo maana kila kadi naijaribu mara mbili. Hiyo dakika 10 inatosha.

DADA: Mimi naona shida inaanza ukiongeza kivumishi. Wanaandika “parachichi likubwa limeanguka”.

MWALIMU: Na wana sababu, wamekariri LI-YA. Hapo sikimbilii kanuni. Nawaandikia mnyororo mzima: parachichi langu kubwa limeanguka, maparachichi yangu makubwa yameanguka. Kisha nafuta jina tu, naweka mkungu. Wao wanarekebisha yaliyobaki.

DADA: Mkungu wangu mkubwa umeanguka.

MWALIMU: Sawasawa. Wakilinganisha wanaona wenyewe kwamba kivumishi “-kubwa” hakifuati “li” ya kitenzi. Kwenye LI-YA umoja kinabaki “kubwa” bila kiambishi, kwenye wingi kinapata “ma”. Hapa nakaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote, na wanasema kwa mdomo kabla ya kushika kalamu.

DADA: Halafu wakianza kuandika?

MWALIMU: Sentensi nne tu, kila moja iwe na majina mawili. Ndipo kosa lililojificha linapotoka: “Mkungu wa ndizi zimeiva.”

DADA: Kitenzi kimefuata jina lililo karibu nacho, ndizi.

MWALIMU: Na mtoto huyo alipanga kadi zote vizuri! Namwomba apige mstari chini ya kilichoiva. Akipiga chini ya mkungu, aandike “umeiva”. Akitaka kuzungumzia ndizi, aseme “ndizi za mkungu huu zimeiva”. Zote sahihi, ila lazima achague.

DADA: Na “rafiki yangu amefika”?

MWALIMU: Hayo ya rafiki na dada, ambayo kimilikishi chake kinaachana na kitenzi, nayapeleka kipindi kingine. Wakati wa kusahihisha nazungushia viambishi vya upatanisho peke yake. Tahajia naiacha siku hiyo, mwanafunzi asije akashindwa kuona kosa lake liko wapi.