Kilo moja ya makaa inakula hewa kiasi gani? Tupige hesabu pamoja

Hamjambo. Jiko liko hapa nje, kwenye veranda, na sitaliwasha mpaka tumalize hesabu. Chukua kalamu na kikokotoo, hata cha simu kinatosha.

Makaa haya nimeyanunua asubuhi hapa mtaani. Nilimwambia mama muuzaji, "Mama, nipimie kilo moja." Akacheka. "Kilo? Kijana wangu, hapa ni mkebe tu." Basi nimekuja na mikebe yangu, na sasa naimimina kwenye mizani ya jikoni. Tazama: 1,000 g. Hapo hapo.

Tuanze na kaboni tupu, kwa sababu makaa mengi yake ni kaboni. Inapoungua yote, mlinganyo ni huu:

C + O2 → CO2

Uzito wa kaboni ni 12, na wa oksijeni ni 16 mara mbili, yaani 32. Kwa hiyo kila kilo 12 za kaboni zinataka kilo 32 za oksijeni. Gawa 32 kwa 12, unapata 2.67. Kilo moja ya kaboni inakula kilo 2.67 za oksijeni. Ndiyo, oksijeni ni nzito kuliko kaboni yenyewe, na wengi hapa huduwaa kidogo.

Lakini mama hakuniuzia kaboni tupu. Ndani ya makaa haya kuna unyevu, kuna majivu, na kuna mabaki ya mti ambayo tanuri halikuyamaliza. Majivu unaweza kuyapima mwenyewe: choma kilo yako mpaka iishe, subiri ipoe, kisha uweke kilichobaki kwenye mizani. Kaboni na haidrojeni huwezi kuzipima nyumbani, kwa hiyo nitatumia mfano wa makaa ya mti yaliyochomwa vizuri: katika kilo moja, kaboni 800 g, haidrojeni 30 g, oksijeni iliyomo tayari 70 g, unyevu 50 g na majivu 50 g. Jumlisha uone kama inafika 1,000. Inafika.

Sasa kila kimoja kidai chake. Kaboni: 0.8 mara 2.67 ni kilo 2.13. Haidrojeni inageuka kuwa maji, na kila kilo yake inataka kilo 8 za oksijeni, kwa hiyo 0.03 mara 8 ni 0.24. Unyevu na majivu havidai kitu. Halafu kumbuka zile 70 g za oksijeni zilizokuja na makaa: hizo hatuhitaji kuzitoa hewani, kwa hiyo toa 0.07. Jibu ni kilo 2.30 za oksijeni.

Hatua inayofuata ndipo mimi mwenyewe nilipoanguka mara ya kwanza. Tulifundishwa shuleni kwamba hewa ina oksijeni asilimia 21, nikagawa 2.30 kwa 0.21 nikapata karibu 11, nikafurahi. Kumbe ile 21 ni ya ujazo. Sisi tunahesabu uzito, na molekuli ya oksijeni ni nzito kuliko ya naitrojeni, kwa hiyo kwa uzito oksijeni ni asilimia 23.2. Gawa 2.30 kwa 0.232. Jibu ni kilo 9.9 za hewa. Ile yangu ya kwanza ilizidi kwa karibu kilo nzima.

Kilo kumi za hewa, tuseme. Ni kubwa kiasi gani? Hapa Nairobi inabidi tuwe waangalifu. Tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi. Joto likiwa nyuzi 20, mita moja ya ujazo ya hewa ya Nairobi ina uzito wa karibu kilo 0.99. Mombasa, kwenye nyuzi 28, ni karibu kilo 1.17. Kwa hiyo makaa yale yale yanataka mita za ujazo 10 hapa, na 8.5 kule pwani. Kilo za hewa hazikubadilika, ila sisi huku juu inabidi tuvute mzigo mkubwa zaidi kupitia mlango ule ule mdogo wa jiko.

Methani nitaipitia haraka, kwa sababu ni safi na haina majivu ya kutusumbua. Na kabla hujaniuliza: gesi ya mtungi unayopikia si methani, ni propani na butani. Methani iko kwenye gesi ya samadi, ambako huwa imechanganyika na kaboni dioksidi.

CH4 + 2O2 → CO2 + 2H2O

Kilo 16 za methani zinataka kilo 64 za oksijeni, yaani kilo 4 kwa kila kilo. Gawa 4 kwa 0.232: kilo 17.2 za hewa, au mita za ujazo 17.4 hapa Nairobi. Uzuri wa gesi ni kwamba unaweza kuhakiki kwa njia ya pili. Ujazo mmoja wa methani unataka wa oksijeni miwili, na hapa 21 ndiyo mahali pake: 2 gawa kwa 0.21 ni 9.5. Kilo moja ya methani hapa ni mita za ujazo 1.83. Zidisha kwa 9.5. Unarudi pale pale, 17.4. Njia mbili zikikutana, hesabu imekaa.

Turudi kwenye makaa. Chumba cha futi kumi kwa kumi, ambacho wengi wetu tunakijua vizuri, kina mita za ujazo 22 hivi. Kwenye karatasi, hewa yake ingetosha kilo mbili za makaa. Usidanganyike. Hesabu yetu inadhani kila chembe ya kaboni imekutana na oksijeni yake kwa wakati, na jikoni haiwi hivyo. Katikati ya rundo hewa haifiki ya kutosha, na kaboni inashika oksijeni nusu tu:

2C + O2 → 2CO

Hiyo ni kaboni monoksidi. Kwanza ni hasara: kilo ya kaboni ikiungua yote inatoa megajuli 32.8, ikiishia hapa inatoa 9.2 tu. Ukiona mwali wa buluu ukicheza juu ya makaa, ni hiyo gesi inaungua. Mwali ukipotea na makaa bado ni mekundu, gesi inaweza kuwa bado inatoka, bila harufu, bila moshi.

Sasa hesabu ya mwisho. Chukua 10 g tu za kaboni zigeuke kuwa gesi hiyo: kipande kimoja kidogo, hiki hapa mkononi mwangu. Zinatoa karibu lita 24 za kaboni monoksidi. Gawa kwa lita 22,000 za chumba kilichofungwa, unapata sehemu 1,100 kwa milioni. Kwa kiwango hicho kichwa kinaanza kuuma na kizunguzungu kinakuja kabla saa haijaisha, na aliyelala humo akaivuta kwa saa chache anaweza asiamke. Oksijeni ya chumba wakati huo bado ni karibu 21 kwa mia.

Haya, jiko linabaki hapa hapa verandani. Nipe kiberiti.