Kuvunjiwa Mlango Mara Moja kwa Miaka 40

Asanteni kwa kuja kunisikia juu ya uhalisia wa mrengo wa kushoto, yaani wasomi wa kushoto waliosema kwamba uhalifu wa mtaani ni wa kweli na unamuumiza maskini. Walionisikia mwaka jana wataniwia radhi, maana naanza palepale ninapoanzia siku zote: kwenye namba moja iliyotoka Uingereza mwaka 1983.

Mwaka mmoja kabla yake, serikali ya huko ilikuwa imefanya kwa mara ya kwanza uchunguzi mkubwa wa kuwauliza wananchi majumbani mwao wametendewa uhalifu gani, hata ule ambao hawakuupeleka polisi. Ripoti ilitaka kuwatuliza watu. Ikasema mtu wa wastani atavunjiwa nyumba mara moja kwa miaka 40, gari la familia litaibwa mara moja kwa miaka 60, naye mwenyewe ataporwa mara moja kwa miaka 500. Wasomi wengi wa mrengo wa kushoto wakaipokea kwa furaha, kwa sababu iliwiana na walivyokuwa wakisema muda mrefu: kwamba hofu ya wezi ni moshi unaopulizwa na magazeti ili wafanyakazi wamtazame kibaka na wamsahau tajiri.

Sasa niambieni, huyu mtu wa wastani anakaa mtaa gani?

Nilipokuwa nasoma London nilipanga chumba kwenye ghorofa za halmashauri. Mlango wa pili alikaa mama mmoja, mtu mzima, akifanya usafi maofisini alfajiri. Alivunjiwa mara tatu katika kipupwe kimoja. Mara ya kwanza waliondoka na televisheni na mkufu wa marehemu mama yake. Mara ya pili walichukua televisheni mpya, ambayo alikuwa bado anailipia kidogokidogo. Mara ya tatu hawakukuta cha maana, wakaacha kitasa kimeng'oka. Kitasa kile kilikaa wiki sita bila fundi kuletwa, na kila usiku nilisikia kabati likiburutwa sakafuni hadi nyuma ya mlango. Bima hakuwa nayo. Polisi alikwenda mara mbili za mwanzo, ya tatu hakwenda.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Mtaa una nyumba 120. Kwa wastani wa mara moja kwa miaka 40, tunategemea nyumba 3 zivunjwe kwa mwaka. Kama mara zote tatu ni mlango wa yule mama, wastani unabaki uleule, na majirani 119 wamelala usingizi. Uhalifu haugawiwi kama mgao wa sukari. Unarundikana, tena juu ya wale ambao tayari wamerundikiwa kodi ya nyumba, mshahara mdogo na ngazi zisizo na taa. Nalirudia hili kila mwaka kwa sababu kila mwaka kuna mtu ananiletea wastani.

Hapo ndipo walipoingia wasomi wa uhalifu wa Uingereza, Jock Young, John Lea, Roger Matthews na Richard Kinsey, waliouita msimamo wao uhalisia wa mrengo wa kushoto. Msidhani walikuwa wahafidhina waliojificha. Young alikuwa miongoni mwa waliojenga elimu ya uhalifu ya Kimarx Uingereza miaka ya 1970. Aliwaambia wenzake: mnamtetea mnyonge dhidi ya polisi, sawa, lakini anayeibiwa ni nani? Mwizi wa mtaani hapandi treni kwenda kuiba kwa mabwanyenye. Anaiba jengo la jirani, kwa mfanyakazi mwenzake.

Wakaenda kupima wenyewe. Mwaka 1985, kwa fedha za halmashauri ya Islington, wilaya ya London yenye maskini wengi, walihoji watu katika kaya zipatazo 2,000. Waliuliza juu ya wizi na uporaji, wakauliza pia juu ya wanawake kusumbuliwa njiani, matusi ya kibaguzi, na polisi wanavyomtendea mtu. Walikuta kaya moja katika kila tatu imeguswa na uvunjaji, uporaji au shambulio la kingono katika muda wa mwaka mmoja. Linganisheni na ile miaka 40. Na zaidi ya nusu ya wanawake walisema hawatoki kabisa, au hutoka kwa nadra, giza likishaingia, kwa kuogopa.

Najua pingamizi linalokuja, nimeshalijibu kwenye kumbi nyingi: “Takwimu zinaonyesha wanawake na wazee hushambuliwa njiani mara chache kuliko vijana wa kiume, kwa hiyo hofu yao haina msingi.” Jamani! Wanashambuliwa mara chache kwa sababu wamejifungia ndani. Ukimfungia mtu nyumbani kuanzia saa kumi na mbili jioni, kisha ukamwambia takwimu zinaonyesha yuko salama, umeichukua gharama aliyolipa ukaigeuza kuwa ushahidi dhidi yake. Na hapo hatujahesabu kipigo cha mumewe, ambacho hakimfikii karani wa takwimu.

Basi, kama uhalifu ni wa kweli, si tuongeze polisi? Hapa ndipo Young na wenzake wanapotofautiana na upande wa kulia. Nendeni Brixton, eneo la London lenye watu weusi wengi, Aprili 1981. Polisi waliovaa kiraia walimwagwa mitaani kusaka waporaji. Kwa siku chache walisimamisha watu 943, wakakamata 118, wakashtaki 75. Kwa kosa la unyang'anyi, ambalo ndilo lililowaleta, alishtakiwa mtu mmoja. Siku hizohizo Brixton ikalipuka kwa ghasia.

Tazameni mtambo unavyozunguka. Uhalifu mwingi polisi huujua kwa sababu mwananchi amewaambia: nimemwona fulani, kaingia mlango ule. Ukisimamisha kila kijana mweusi barabarani, wazazi wake, dada zake na jirani zake wananyamaza. Taarifa zikikauka, polisi hawajui wamfuate nani, kwa hiyo wanasimamisha watu ovyo zaidi, na kinywa kilichokuwa bado wazi nacho kinafungwa. Mwizi anapona, yule mama anaburuta kabati. Ukitaka kujua mtaa umefika huko, usihesabu waliokamatwa. Hesabu wangapi waliovunjiwa hawakwenda kuripoti, na uwaulize kwa nini. Ndiyo maana Young na wenzake walisema usimtazame mhalifu na polisi peke yao. Kuna pembe nne: mhalifu, mhanga, dola na wananchi, na ukigusa pembe moja nyingine zinacheza.

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo chanzo nitakipitia haraka. Hawakusema umaskini ndio unaozaa wizi, kwani mababu wa vijana hawa wanaoiba walikuwa maskini zaidi katika miaka ya njaa ya 1930, na wizi ulikuwa mdogo. Walisema ni uchungu wa kujilinganisha: kijana anaahidiwa maisha yaleyale anayotangaziwa kila mtu, halafu anakuta mlango wa kuyafikia umefungwa, wala hana chama wala sauti ya kudai. Uchungu usio na siasa unamgeukia jirani.

Makosa ya wakubwa, viwanda na benki, sitaweza kuyafikia leo. Waliowakosoa walisema hata wao waliyagusa juujuu, na nakubali, maana ukimuuliza mtu mlangoni ameibiwa nini hatakutajia sumu asiyojua anaivuta. Lakini sikubali kosa hilo litumiwe kuturudisha kwenye kusema kwamba kitasa kilichong'oka ni habari ya magazeti. Yule mama hakuwa akisoma gazeti. Alihama mwaka uliofuata, na waliohamia pale walivunjiwa kabla ya Pasaka.