Fisi maji akiondoka, msitu wa baharini unaliwa

JUMA: Rehema, tuanze na Visiwa vya Aleuti, Alaska. Wawindaji wa manyoya waliwamaliza fisi maji wa baharini karibu kila mahali pale, mpaka mkataba wa 1911 ulipowalinda. Kilichotokea chini ya maji ni nini?

REHEMA: Chakula kimojawapo anachokipenda fisi maji ni nungunungu wa baharini, wale wa duara wenye miiba. Naye hana tabaka nene la mafuta la kumkinga na baridi, kwa hiyo hula kama robo ya uzito wake kila siku. Akitoweka, nungunungu huongezeka na kutoka mafichoni kwenye nyufa. Huutafuna mwani mkubwa pale chini, unapojishikiza mwambani.

JUMA: Hapo ndipo hasara inapokuwa kubwa. Jani likiliwa, mwani utaota tena. Shina likikatika chini, mwani mzima unachukuliwa na maji.

REHEMA: Na samaki waliojificha katika msitu huo wa mwani hukosa makao. Athari inashuka ngazi kwa ngazi: mwindaji, mla mwani, mwani wenyewe. Mnyama wa namna hii tunamwita spishi mhimili, kwa kuwa athari yake ni kubwa mno ukilinganisha na idadi yake.

JUMA: Lakini tunajuaje ni fisi maji, si joto la maji au mawimbi?

REHEMA: Swali zuri. Mwaka 1974 James Estes na John Palmisano walichapisha ulinganisho wa visiwa: penye fisi maji kulikuwa na msitu wa mwani, pasipo nao nungunungu walitanda mwambani. Ila visiwa hutofautiana kwa mengi, kwa hiyo ulinganisho peke yake hautoshi. Ushahidi wenye nguvu zaidi ulikuja miaka ya 1990, fisi maji walipopungua tena pale pale, inavyoelekea kwa kuliwa na nyangumi wauaji. Kisiwani Adak, kati ya 1987 na 1997, uzito wa nungunungu wote kwa pamoja uliongezeka mara nane, na mwani ukapungua mara kumi na mbili.

JUMA: Mahali ni pale pale, aliyebadilika ni mwindaji. Basi tukimrudisha, msitu nao unarudi?

REHEMA: Si lazima upesi. Nungunungu huvumilia njaa kwa miaka mingi. Ukimpasua wa kwenye mwamba uliobaki mtupu, utaona tezi zake za uzazi zimenywea, na hizo ndizo nyama anayoitaka fisi maji. Huko Monterey, Kalifonia, watafiti waliona fisi maji wakila nungunungu walionona ndani ya mabaki ya msitu, na kuwapita wale watupu.

JUMA: Kwa hiyo wanalinda kilichobaki, lakini hawasafishi kilichoharibika.

REHEMA: Ndiyo. Palipo tupu, nungunungu wanapaswa kupunguzwa kwa njia nyingine, labda ugonjwa, dhoruba au wapiga mbizi, mwani uanze kuota.