Gawio linafuata miezi, siyo salio la Desemba

(Mazungumzo na wajumbe wa bodi na wahasibu wa saccos, Mbeya. Yameandikwa kama yalivyosemwa.)

Haya jamani, ndaga kwa kuja, na wale wa Iringa kamwene. Najua wengine mmeshanisikia kwenye hili, nilisema Tukuyu, nikasema Mafinga, leo nalisema tena na mtanivumilia, maana kila ikifika mkutano mkuu napigiwa simu zile zile. Mambo ya ziada imepatikanaje na mnatenga nini kwanza mnayajua, siyarudii. Mimi nachukua pale mkutano umeshapitisha kwamba hela ya gawio ni kiasi fulani, mhasibu anarudi ofisini na lile karatasi, anakaa mbele ya kompyuta, na anatakiwa aseme mama huyu anapata shilingi ngapi na kijana yule ngapi. Hapo ndo watu wanaibiana bila kujua.

Naanza na kisa, wanaokijua wasinimalizie.

Zamani nikiwa mhasibu kwenye chama kimoja, sikitaji, alikuja mama mmoja mkulima wa viazi toka huko milima ya Uporoto. Kaja na daftari la shule, lile la kurasa 48, limefungwa kwenye mfuko wa rambo lisilowe. Anaweka kwenye meza yangu anasema, mwanangu, mwaka jana hisa zangu zilikuwa laki sita, mwaka huu laki sita, sijapunguza wala sijaongeza, na mlitangaza gawio limepanda, mbona langu limeshuka? Mimi na usomi wangu nikamwambia mama, sistimu haikosei. Nilisema hivyo kabisa, hadi leo nikikumbuka nasikia aibu. Akafungua daftari, kila hisa aliyonunua ameandika tarehe na namba ya risiti, kwa penseli, mwandiko mzuri kuliko wangu.

Nikaprinti taarifa yake ili nimwoneshe amekosea. Mstari wa kwanza wa taarifa ukasema: salio la kuanzia, 600,000, tarehe 1 Julai. Julai! Mama ana hisa tangu miaka mitatu nyuma, kompyuta inasema kaanza Julai. Na hapo nikakumbuka, mwezi Julai ndo tulihama toka kwenye madaftari kwenda kwenye sistimu, kijana aliyeingiza data akaingiza masalio tu, na sistimu ikaweka tarehe ya siku ile. Maana yake wanachama wote wa zamani kwa hesabu ya kompyuta walikuwa na hisa miezi sita tu, na aliyejiunga Agosti baada ya kuuza kahawa yake akahesabiwa miezi yake mitano kamili. Yaani mtu aliyekaa mwaka mzima na aliyekaa miezi mitano wakawa karibu sawa. Na hesabu ilibalansi! Hapo ndo ubaya wake, jumla ya gawio ilikuwa sahihi hadi shilingi ya mwisho, mkaguzi akijumlisha anapata jibu, kilichokosewa ni nani kapewa nini.

Sasa mngegunduaje bila mama mwenye daftari? Ni rahisi na hamfanyi. Kabla hujakokotoa chochote, jumlisha hisa za wanachama wote kama zilivyosimama tarehe 1 Januari kwenye rejista yako, afu chukua mizania iliyokaguliwa ya mwaka uliopita uangalie mtaji wa hisa wa tarehe 31 Desemba. Lazima ziwe namba moja. Siyo karibu, moja. Siku ile ningefanya hivyo rejista yangu ya Januari ingeniletea sifuri, na hata mtoto angejua kuna kitu hakiko sawa.

Haya, sasa kwa nini miezi? Kuna mzee hapo mbele najua atauliza, na mwaka jana aliuliza, kwamba mbona kampuni zilizoko Soko la Hisa la Dar es Salaam zinalipa yeyote mwenye hisa siku ya kufunga rejista, hata kama kanunua wiki iliyopita? Swali zuri mzee. Kule sokoni bei inapanda na kushuka, anayenunua karibu na gawio analipa bei ambayo gawio limo ndani yake, na siku ikipita bei kwa kawaida inashuka. Kwetu hisa ni elfu kumi Januari, elfu kumi Novemba, elfu kumi hata jioni ya tarehe 31 Desemba. Ukilipa kwa salio la mwisho wa mwaka umemwambia mwenye hela akae nazo mwaka mzima kwenye biashara yake Mwanjelwa, aje Desemba aweke, Machi achukue gawio sawa na yule ambaye hela yake ilikuwa inakopeshwa mwaka mzima. Na ataelewa haraka, nawaambia, wafanyabiashara hawahitaji semina.

Tuandike ubaoni. Wanachama watatu tu, nimewapunguza tusichoke. Mama wa viazi ana 600,000 mwaka mzima. Mfanyabiashara ana 100,000 tangu Januari, tarehe 10 Novemba kaongeza 500,000, na masharti ya chama hiki yanasema hela ikiingia baada ya tarehe 5 inahesabiwa mwezi unaofuata, kwa hiyo nyongeza yake inaanza Desemba. Kijana bodaboda ana 200,000, mwishoni mwa Juni kaongeza 200,000, kuanzia Julai ana 400,000. Mkutano umepitisha gawio la jumla ya 100,000, wagawane wote watatu.

Kila shilingi iliyokaa mwezi mzima ipe alama moja. Mama, 600,000 mara 12, alama 7,200,000. Mfanyabiashara, 100,000 mara 11 ni 1,100,000, jumlisha 600,000 ya Desemba, 1,700,000. Kijana, 1,200,000 ya nusu ya kwanza na 2,400,000 ya nusu ya pili, 3,600,000. Jumla ya alama zote 12,500,000. Gawa laki moja kwa hizo, kila alama inapata shilingi 0.008. Basi mama 57,600, mfanyabiashara 13,600, kijana 28,800. Jumlisha, laki moja kamili.

Sasa fanya kwa salio la Desemba. Mama 600,000, mfanyabiashara 600,000, kijana 400,000, jumla 1,600,000, gawio asilimia 6.25. Mama 37,500, mfanyabiashara 37,500, kijana 25,000. Nayo ni laki moja kamili! Ila mama kapoteza 20,100, kijana 3,800, na mfanyabiashara kaokota 23,900 kwa hela iliyohesabika mwezi mmoja. Mnacheka, mama hacheki.

Kwenye Eksel kama miezi kumi na miwili iko B hadi M, na ile 0.008 mmeiweka P1, ni hivi tu:

```
=ROUND(SUM(B5:M5)*$P$1,0)
```

Na P1 msiichape kwa mkono, iwe ni gawio lililopitishwa gawanya kwa jumla ya alama. Kwenye chama kikubwa hiyo namba ina desimali ndefu, ukiikata kwa watu elfu mbili utajikuta hela haitoshi au imebaki. Zile shilingi chache zinazobaki kwa ajili ya kukaribisha namba zirudi kwenye akiba ya chama na muhtasari uandikwe, siyo mnampa mwenyekiti.

Kosa lingine linafanana na hili na linaniudhi zaidi maana linafanywa na wasomi. Taarifa ya mkutano imetangaza asilimia 6.25, iliyopatikana kwa salio la mwisho. Mhasibu ofisini anakokotoa kwa wastani wa miezi, yaani zile alama gawanya kwa 12, vizuri kabisa, lakini anatumia ile ile 6.25. Matokeo yake analipa 65,104, na kama 34,896 zinabaki zinaelea hakuna anayejua ni za nani. Asilimia sahihi kwa wastani ni 9.6. Na ukigeuza, ukachukua 9.6 ukaipiga kwenye masalio ya Desemba, unalipa 153,600 wakati umepewa laki moja, zile 53,600 unazitoa wapi? Kwenye amana za watu. Kwa hiyo mkutano upitishe kiasi cha hela, na mhasibu akitaja asilimia aseme ni asilimia ya nini.

Muda naona umekwenda, mpishi ananiangalia. Riba ya akiba na amana niseme haraka. Ile siyo gawio. Kama sera yenu imeahidi riba fulani kwenye akiba, hilo ni deni la chama, linaingia kwenye gharama kabla hamjajua ziada ni ngapi, mwaka mzuri mwaka mbaya. Gawio ndo linasubiri ziada. Watu wanaunganisha vyote kwenye safu moja, mwanachama anapewa hela hajui ipi ni ipi, tenganisheni. Na kwa kuwa akiba ya hiari watu wanatoa na kuweka, vyama vingi vinatumia salio dogo kabisa la mwezi: ukiwa na milioni moja Mei, tarehe 20 ukatoa laki saba za mbolea, ukarudisha tarehe 2 Juni, Mei yako ni laki tatu. Inauma ila iandikwe kwenye sera mtu aijue kabla. Amana ya muda maalumu hesabu kwa siku kufuatana na mkataba, milioni mbili kwa asilimia 8 siku 90 ni kama 39,452, gawanya kwa 365.

Wanachama waliofariki na waliojitoa katikati ya mwaka nilitaka kusema, sisemi, tutafute siku nyingine.

Ndiyo dada, la mwisho. Anauliza makato ya mishahara ya Desemba, mwajiri kakata, hela imefika kwetu Januari, tuhesabu lini? Mimi nafuata tarehe hela iliyoingia benki ya chama, kwa sababu kabla ya hapo haikukopeshwa kwa mtu. Lakini ukichagua hivyo uchague kwa walimu na kwa manesi na kwa mwenyekiti, na lile deni la mwajiri lionekane kwenye vitabu tarehe 31 ili mwanachama akija na slipu yake ya mshahara usimwambie kama nilivyomwambia mama, kwamba sistimu haikosei.

Haya twendeni tukale, na wale wenye laptopu, baada ya chakula nifungulieni rejista ya tarehe 1 Januari tuone.