Milioni 10 zimeenda wapi?

Haya, kalamu mkononi, leo tunafanya hesabu moja tu. Kampuni mama iko Nairobi, tanzu iko Dar na inafanya mambo yake yote kwa shilingi ya Tanzania, 31 Desemba inakuja lazima mama aonyeshe vyote kwa shilingi ya Kenya.

Mwanzo wa mwaka tanzu ina mali halisi, yaani ukishatoa madeni yote, TZS milioni 1,600. Tuseme shilingi moja ya Kenya ilikuwa 16 za Tanzania, kwa hiyo ni KES milioni 100. Mwaka mzima wakatengeneza faida ya TZS milioni 170, na faida haiingii siku moja, inaingia kidogo kidogo, ndo maana IAS 21, kile kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa fedha za kigeni, inaturuhusu kutumia reti ya wastani kama reti haikuyumba sana. Weka 17, unapata KES milioni 10. Hapo unategemea 110, sio?

Sasa mizania inabadilishwa kwa reti ya siku ya kufunga, tuseme 17.7. Chukua 1,600 jumlisha 170, ni 1,770, gawa kwa 17.7... mia moja kamili! Dar wamekua, Nairobi haionekani hata senti. Hizo 10 zilizopotea zinaenda mapato mengine jumuishi, sio kwenye faida na hasara, halafu zinakaa kwenye mtaji kama rizevu ya ubadilishaji, hasi 10. Kwa nini zisipige faida? Kwa sababu hakuna mtu ameuza kitu, duka la Dar liko palepale na wateja wake wanalipa kama kawaida.

Mwaka 2024 haya yalitokea kweli, shilingi ya Kenya ilipanda kutoka kama 157 kwa dola hadi kama 129, na makampuni ya Nairobi yenye tanzu nje yakaona rizevu zao zikishuka.

Mahali vijana wengi wanaanguka ni hapa: mizania haibalansi, wanaona tofauti kwenye ekseli, wanaibandika jina rizevu na kwenda chai. Usifanye hivyo bwana, ithibitishe. Ile 1,600 ya mwanzo kwa reti mpya ni 90.4, imepoteza 9.6. Faida 170 kwa reti mpya ni 9.6, imepoteza 0.4. Jumla 10. Isipotimia, mara nyingi kuna mtu amebadilisha hisa za zamani kwa reti ya kufunga badala ya kuziacha kwenye reti ya siku ile zilipopatikana, au gawio limesahaulika.

Na msidhani hizo 10 zimezikwa. Mama akiuza tanzu yote kesho asubuhi kwa 105 wakati vitabuni ni 100, atashangilia faida ya 5, lakini siku hiyohiyo ile hasi 10 inatoka kwenye rizevu inaingia faida na hasara, na mauzo yanasomeka hasara ya 5. Mkurugenzi wa fedha ambaye hakuambiwa mapema atakupigia simu usiku.