Leseni ya programu huria inaanza kukubana wapi?

Mhadhara kwa wanafunzi wa kompyuta na wenye biashara ndogo za programu

Nashukuru kwa ukaribisho. Kiswahili kimenirahisishia kazi leo, maana kina maneno mawili: bure na huria. Waingereza wana moja tu, ndiyo maana kila mara wanalazimika kufafanua wanasema lipi. Programu huria inaweza kuuzwa, hata kwa bei ya juu. Uhuria wake ni kwamba aliyeipata anapewa pia msimbo, yaani yale maandishi aliyoandika mwanaprogramu, pamoja na ruhusa ya kuusoma, kuubadilisha na kuugawa.

Ruhusa hiyo inatoka kwenye leseni. Bila leseni, msimbo uliouokota mtandaoni ni mali ya mwenye hakimiliki, na kuuona tu hakukupi haki ya kuunakili.

Leseni zenyewe ni nyingi, ila nyingine hazinichukui muda. MIT, kwa mfano, inakudai ubakize tangazo la hakimiliki na maneno ya leseni, basi. Chukua, badilisha, funga, uza. Wenye kampuni huipenda kwa sababu hiyo. Inayowasumbua ni GPL, na wengi wanaiogopa pasipostahili.

Tuseme una kampuni ya watu sita hapa mjini. Mmechukua programu ya hesabu iliyo chini ya GPL, mkaibadilisha ili itoe ripoti mnazozitaka, na inatumika ofisini kwenu. Mnadaiwa nini? Hamdaiwi kitu. GPL haikulazimishi kutoa mabadiliko unayoyatumia mwenyewe. Mwakani SACCOS ya jirani inaiona na kuitaka. Mnaiuza. Siku mnayoikabidhi ndipo deni linapoanza: SACCOS ile ina haki ya kupata msimbo wote, pamoja na mabadiliko yenu, chini ya GPL ileile. Anayedai ni huyo mliyemkabidhi, siyo dunia nzima. Lakini akitaka kumpa mwingine, hamwezi kumzuia. Mkiiweka kwenye seva yenu, wateja wakaifikia kwa kivinjari tu, hamjamkabidhi mtu programu, na GPL ya kawaida inanyamaza. Pengo hilo ndilo linalozibwa na leseni nyingine, AGPL.

Sasa tazameni lilivyomkuta mkubwa. Linksys walikuwa wakiuza ruta ya WRT54G, ile ya buluu na nyeusi yenye antena mbili. Machi 2003 Cisco walitangaza kuinunua kampuni hiyo kwa takriban dola milioni 500. Miezi michache tu baadaye, wanaprogramu waliochungulia programu ya ndani ya ruta hiyo wakatangaza kwamba mle kuna Linux, ambayo iko chini ya GPL, na wanunuzi hawakupewa msimbo. Ruta ikishatoka dukani, programu imekabidhiwa. Hakuna mlango wa kutokea hapo.

Waligunduaje? Faili la masasisho linapakuliwa na yeyote. Mara nyingi limebanwa, hivyo linafunguliwa kwanza, kisha maneno yaliyomo yanatafutwa:

```
binwalk -e firmware.bin
grep -rai "linux version" *extract*
```

Mkikuta jina la Linux na namba ya toleo lake, mmeshapata pa kuanzia. Msipoona kitu, msihitimishe upesi. Huenda faili limefichwa kwa usimbaji fiche.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba ruta haiandikwi na mtu mmoja. Anayetengeneza chipu hutoa programu yake, mkandarasi huongeza yake, na jina lililo kwenye boksi ni la mtu wa mwisho. Leseni haijali nani aliiingiza Linux mle, inamwangalia anayekabidhi. Ukinunua programu kwa mkandarasi, muulize kwa maandishi kilichomo na msimbo uko wapi, kabla hujamlipa.

Linksys waliutoa msimbo mwaka huohuo wa 2003. Watu wakauchukua, wakaanza kutengeneza programu mbadala za ruta ileile, na ndipo mradi wa OpenWrt ulipozaliwa. Ila msichanganye mambo: msimbo wa Linux kuwa huria hakukuifanya kila programu iliyomo kwenye boksi kuwa huria. Viendeshi vya redio ya Wi-Fi vilibaki vimefungwa, na vikawasumbua wanaprogramu kwa miaka.

Baadaye, kwenye toleo la 5 la WRT54G, kampuni iliachana na Linux. Ikaweka VxWorks, mfumo endeshi unaotosheka na kumbukumbu ndogo, na kumbukumbu ya ruta ikapunguzwa nusu. Hawakuvunja leseni yoyote kwa kufanya hivyo. Msimbo uliokwisha kutolewa ulibaki kwa waliokuwa nao. Lakini wanunuzi waliotaka ruta ya kuchezea hawakuitaka hiyo mpya, na mwaka 2005 kampuni ikawatolea nyingine yenye Linux, WRT54GL.

Haya, mikono naiona. Tuanze na dada pale nyuma.